Mchele wa Gunia, Ng'ombe Mzima na Deni la Harusi: Sahani Moja Inagharimu Shilingi Ngapi Kweli?

Wadau, mjini hapa kuna ugonjwa mpya. Staa akioa, kabla hata picha za keki hazijaposhwa vizuri mtandaoni, tayari watu wanabishana sahani ilikuwa shilingi ngapi. Huyu anasema elfu sitini kwa kichwa, yule anasema laki. Staa mwenyewe anacheka tu, maana kiki inatembea. Tatizo linaanza wiki inayofuata, pale vijana wa kawaida wenye kamati zao za Tabata na Mbagala wanapokaa kikao na kusema, "Sisi hatuna hela za keteringi, tununue kwa jumla tupike wenyewe, sahani itashuka mpaka elfu tano."

Wazo la kununua kwa jumla si baya, na likifanywa vizuri linaokoa nusu ya hela au zaidi. Ila watu wengi wananunua jumla kama wanafungua duka, wakati wanalisha watu usiku mmoja tu. Mwenye duka akinunua gunia, kilo zilizobaki atauza kesho. Bwana harusi hana kesho ya kuuza mchele.

Ichukue harusi ya mtangazaji mmoja wa redio, jina tunaliacha, aliyeoa binti mmoja mpambaji wa kumbi. Si staa mkubwa, ni wale wanaojulikana sauti kuliko sura. Keteringi ilimtajia elfu ishirini na tano kwa sahani bila vinywaji. Kadi zilikuwa za watu 300, kwa hiyo chakula peke yake ni milioni saba na nusu. Kamati ikaguna. Mwenyekiti, rafiki yake wa tangu sekondari, akasimama na kusema jambo ni dogo: gunia la mchele kutoka Tandale, ng'ombe mzima kutoka mnada wa Pugu, soda kreti arobaini, bia, maji, basi. Watu wakapiga makofi.

Sasa tupige hesabu polepole, maana hapo kwenye makofi ndipo hela ilipoanza kuvuja. Bei zinazotumika hapa ndizo walizopewa wao. Zako zitatofautiana kwa mkoa na msimu, kwa sababu mchele wa Mbeya na Kyela hushuka baada ya mavuno katikati ya mwaka na kupanda mwanzoni mwa mwaka. Njia ya hesabu haibadiliki.

Kwanza, watu wangapi wanakula?

Kadi 300 hazimaanishi sahani 300. Kuna wanaochangia na hawafiki: mwingine kasafiri, mwingine yuko zamu, mwingine mvua imemkamata Mbezi. Kwenye harusi hii kamati ilipiga simu siku tatu kabla, ikaona kama watu 30 hawatakuja. Hapo wamebaki 270.

Lakini kuna kundi ambalo halina kadi na linakula. Emsii na vijana wa muziki, wapiga picha, wapambaji, madereva waliosubiri nje, wahudumu, wapishi wenyewe, kamati, na watoto waliokuja na mama zao ingawa kadi iliandika watu wazima tu. Ukihesabu wote walifika 35. Kwa hiyo waliokula ni 305, na kwa usalama unapika sahani 320.

Namba hii ndiyo mama wa hesabu nzima. Ukikosea hapa, hata ukinunua nyama kwa bei ya kutupwa haitakusaidia.

Mchele: kitu cha bei rahisi kuliko vyote

Kilo moja ya mchele, kwa pilau la sherehe lenye nyama, kachumbari na matunda pembeni, inatoa sahani nane. Wapo wapishi wanaofika kumi kwa wageni wa kinamama na watoto, na wapo wanaoishia saba wageni wakiwa vijana wa kiume. Nane ni namba salama. Sahani 320 gawanya kwa nane, unapata kilo 40.

Dukani mchele ulikuwa shilingi 3,200 kwa kilo. Kilo 40 ni shilingi 128,000. Yaani mchele anaokula mgeni mmoja ni shilingi mia nne na kitu. Mia nne! Nauli ya daladala inaizidi.

Kamati ilinunua gunia la kilo 100 kwa shilingi 2,800 kwa kilo. Wakafurahi wameokoa mia nne kila kilo. Lakini walilipa shilingi 280,000 kwa ajili ya kazi ya 128,000. Zile kilo 60 zilizobaki ziliondoka kwenye mifuko ya rambo siku iliyofuata, kwa shangazi huyu kilo tano na jirani yule kilo tatu. Hakuna aliyeiba, ni heshima tu ya kugawa kilichobaki. Ila hela iliyolipwa ilikuwa ya maharusi.

Gunia linalipa pale tu unapokuwa na mtu wa kugawana naye. Kama kuna harusi nyingine mtaani mwezi huo, au mama mwenye genge anayekubali kuchukua nusu kwa bei ileile, nunueni pamoja. Kama hayupo, nunua kilo unazohitaji na uache mambo ya jumla.

Kabla hujalipa, chukua kilo moja uipike nyumbani. Mchele mpya uliotoka shambani hunyonya maji kidogo na hushikana haraka, wakati ule uliokaa miezi kadhaa hufura na kujaza sufuria. Mchele wenye chenga nyingi unageuka bokoboko ukipikwa kwenye sufuria kubwa. Pika, pakua kwa upawa uleule utakaotumika ukumbini, hesabu sahani. Ukipata sita badala ya nane, umejua mapema.

Nyama: hapa ndipo watu wanaumia

Kipimo cha kawaida ni gramu 200 za nyama mbichi yenye mfupa kwa mtu. Ukitoa mfupa na ile inayosinyaa jikoni, mgeni anapata kama gramu mia moja za kutafuna. Sahani 320 mara gramu 200 ni kilo 64.

Buchani kilo ilikuwa 11,000, jumla 704,000. Ukienda machinjioni Vingunguti asubuhi na mapema na kununua nyama nyingi kwa pamoja, walitajiwa 9,800, ambayo inafanya kama 627,000. Umeokoa elfu sabini na kitu kwa kuamka mapema. Hiyo ndiyo jumla yenye maana: unanunua kile unachohitaji, ila kwa bei ya mwenye bucha.

Kamati wao walitaka ng'ombe. Ng'ombe mzima ana heshima yake, hata kwenye posti anapendeza. Walimpata wa kama kilo 250 akiwa hai. Ng'ombe wetu wa kienyeji akishachinjwa, akitolewa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, nyama yenye mfupa ni karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo walipata kama kilo 125. Pamoja na usafiri na kuchinja walitumia milioni moja na laki mbili. Kwa kilo ni 9,600, rahisi kuliko hata machinjioni! Mwenyekiti alijipongeza sana kikaoni.

Lakini kilo zilizohitajika ni 64. Zile 61 zingine zilikuwa za nani?

Mpishi, mama mmoja wa makamo aliyepika harusi za Temeke zaidi ya miaka ishirini, alimuuliza mwenyekiti alfajiri ile jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mizani iko wapi?"

"Ya nini tena mama, si ng'ombe mzima huyu? Nyama ipo ya kumwaga."

"Mwanangu, nyama isiyopimwa haitoshi hata ingekuwa ng'ombe wawili."

Na kweli. Nyama haikupimwa kutoka machinjioni, haikupimwa ilipofika jikoni. Maini, utumbo, kichwa na miguu havikujadiliwa na wachinjaji, kwa hiyo vilibaki kulekule. Paja moja lilipita mlango wa nyuma, hakuna ajuaye lilikoenda. Vijana waliokata nyama waliona iko nyingi, wakakata mapande kama ngumi. Ukumbini hakukuwa na mtu wa kusimamia bakuli la nyama, kila mtu alijipakulia. Meza za mbele zikapanda mlima. Meza za nyuma, ambako walikaa wajomba wa bibi harusi waliotoka Singida usiku kucha kwenye basi, walikuta pilau lenye mchuzi na mifupa miwili mitatu. Mjomba mkubwa hakusema neno. Alikula wali, akanywa maji, akasubiri kutoa zawadi yake. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo jambo hilo linatajwa kwa upole unaouma.

Fikiria: nyama karibu mara mbili ya iliyohitajika, na bado wakwe wamekosa.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Pima nyama inapotoka na inapofika. Kubaliana na wachinjaji kuhusu maini na vya ndani kabla kisu hakijashuka. Angalia muhuri wa mkaguzi wa nyama. Kata vipande vya karibu gramu 50, yaani ishirini kwa kilo, na kila sahani iwe na vinne. Kisha weka mtu mmoja mwenye uso mkavu kwenye bakuli la nyama, anayepakua yeye. Wali watu wajipakulie hata mara mbili, kwa sababu umeshaona bei yake.

Na kama hofu ni chakula kuisha, kinga yake ni mchele. Weka kando kilo tano na supu ya nyama kwenye sufuria, moto uwe tayari. Wageni wakizidi, ndani ya saa moja una sahani arobaini za nyongeza kwa shilingi elfu kumi na sita tu. Kinga ya nyama ni ghali, tena bila friji kubwa asubuhi imeshaharibika.

Vinywaji: usinunue, kopa kwa maandishi

Soda mbili kwa mtu ni wastani mzuri. Watu 305 ni chupa 610. Kreti ya soda ina chupa 24, kwa hiyo kreti 26 zinatosha. Kwa shilingi 14,000 kila kreti ni 364,000. Bia inahesabiwa kwa wanywaji tu: walikuwa kama 90, chupa tatu kila mmoja, kwa 2,000 ni 540,000. Maji chupa 330 kwa 400 ni 132,000. Vinywaji vyote ni kama milioni moja na elfu thelathini na sita, sawa na 3,400 kwa kichwa. Ona hapo: anachokunywa mgeni kinazidi mchele na nyama vikiwekwa pamoja.

Kamati ilinunua soda kreti 40. Kreti 14 za ziada ni shilingi 196,000. Kwa kawaida hii haina shida, kwa sababu wakala wa vinywaji anaweza kukubali kupokea kreti ambazo hazijafunguliwa ukalipa zilizotumika tu. Lakini lazima mkubaliane kabla, kwenye karatasi, na muandike pia dhamana ya chupa tupu. Wao hawakuandika. Halafu wahudumu walifungua soda na kuzipanga mezani kabla wageni hawajakaa ili ukumbi upendeze kwenye video. Soda iliyofunguliwa hairudi kwa wakala. Nyingi zilipoa na kumwagwa.

Fungua chupa mbele ya mgeni. Toa kreti stoo kwa awamu, mtu mmoja akiandika. Usiku ukiisha, hesabu chupa tupu, kwa sababu chupa iliyopotea inalipiwa.

Hesabu yenyewe sasa

Kama wangefuata vipimo, mchele, nyama na vinywaji vingekuwa kama milioni moja na laki nane. Gawanya kwa watu 305, ni karibu 5,900 kwa kichwa. Ile elfu tano ya kikaoni haikuwa mbali sana, eti?

Iko mbali. Watu husahau kwamba mchele haujipiki. Mafuta, vitunguu, nyanya, viungo, mboga na matunda vilikuwa 520,000. Mkaa 90,000. Mpishi na wasaidizi wake 400,000. Wahudumu kumi na wawili 300,000. Kukodi sahani na vyombo vya kupashia 200,000. Gari 120,000, barafu 60,000, na ukumbi ukadai 400,000 kwa sababu umeleta chakula na vinywaji kutoka nje. Jumla milioni mbili na elfu tisini. Hii ni 6,850 kwa kichwa, zaidi ya mchele, nyama na vinywaji vyote.

Kwa hiyo sahani halisi, pamoja na vinywaji, ni 12,700 hivi. Bado ni karibu nusu ya ile ya keteringi ambayo hata haikuwa na vinywaji. Kupika mwenyewe kunalipa, hilo halina ubishi.

Lakini wao walizidisha mchele kwa 152,000, nyama kwa kama 573,000 na soda kwa 196,000. Jumla shilingi laki tisa na ishirini. Sahani yao ikafika 15,700, na laki tisa hiyo ndiyo iliyobaki deni. Ahadi za michango zilizokuwa hazijalipwa hazikulipwa tena, si mnajua watu sherehe ikishapita. Wiki ya pili ya ndoa, badala ya fungate, mtangazaji alikuwa anampigia wakala wa vinywaji kuomba muda, na bibi harusi aliuza kitambaa cha kupambia kumbi, kitu kilichokuwa kinamlisha.

Na kuna mtego mwingine ambao haukuwakuta wao ila unawakuta wengi. Ukishanunua, hela imetoka. Kama badala ya wageni 270 wangekuja 220, pamoja na wale 35 wasio na kadi, matumizi ni yaleyale na sahani inapanda mpaka kama 15,200 hata ukiwa umepima kila kitu. Ndiyo maana simu za siku tatu kabla zina thamani kuliko punguzo lolote la Tandale. Mpangie mtu mmoja kazi hiyo, mpe vocha ya muda wa maongezi, apige kadi moja baada ya nyingine. Nyama na vinywaji agiza baada ya hapo, si kabla.

Watetezi wa ng'ombe mzima watasema sherehe ni kushiba, kukosa ni aibu. Sawa kabisa. Ila aibu ya harusi hii haikutokana na uchache. Nyama ilikuwapo, mizani na msimamizi ndivyo havikuwapo. Kamati iliyotaka kuwaheshimu wakwe kwa ng'ombe ingewaheshimu zaidi kwa vipande vinne kila sahani, mpaka meza ya mwisho.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao wiki hii na mtu akasimama kusema "tununue jumla", usibishe. Muulize maswali matatu tu: watu wangapi wanakula, kilo ngapi zinahitajika, na kilichobaki kinarudi kwa nani? Akikosa jibu la swali la tatu, jua kinarudi kwa maharusi kama deni.

Haya, tuambiane kwenye komenti. Kwenu sahani ilitoka shilingi ngapi, na nani alisimamia bakuli la nyama?